Kadi Isubiri, Cheti Kianze

Mhitimu anapopoteza bahasha yenye kitambulisho cha taifa na cheti cha kidato cha nne, huku dirisha la maombi ya tarajali likifungwa baada ya siku nne, karibu kila mara hukimbilia kwanza ofisi ya NIDA ya wilaya. Inaeleweka kwa nini. Kitambulisho ndicho kinachoulizwa benki, kwenye usajili wa laini ya simu na getini kwa mlinzi, kwa hiyo kukikosa kunamfanya mtu ajione hana utambulisho kabisa. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwasaidia wahitimu kuandaa maombi yao, nimefikia kuamini kinyume chake. Katika maombi ya tarajali, kadi ya NIDA ni rahisi kuikosa kwa muda, na cheti cha sekondari ndicho kigumu. Anayezimaliza siku zote nne akifuatilia kadi amezitumia kwa kitu ambacho mwajiri angekivumilia, na kile ambacho hatakivumilia hakijaanza hata kushughulikiwa.

Nianze na kadi, maana hoja yake ni fupi. Kinachomtambulisha Mtanzania katika mifumo ya serikali na ya kampuni nyingi ni namba yake ya NIDA. Kadi ni kibebeo tu cha namba hiyo. Tuliona hivyo wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020. Watu wengi sana walikuwa na namba bila kadi, na laini zao zilisajiliwa bila shida, kwa sababu mfumo ulihitaji namba na kidole. Fomu za maombi ya kazi mtandaoni zinafanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. Zinataka tarakimu 20, na baadhi ya mifumo inaongeza maswali ambayo majibu yake yako kwenye taarifa ulizotoa siku ya kujiandikisha, kama shule ya msingi uliyosoma au majina ya mama yako. Hakuna hatua hapo inayokutaka ushike kadi mkononi.

Kama hukuwahi kuikariri namba hiyo, utaipata kwa simu kupitia *152*00#, ukifuata menyu mpaka sehemu ya NIDA. Utaulizwa majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama, na yote yaandikwe kama yalivyoandikwa siku ya usajili, hata kama siku hiyo karani alikosea herufi. Wengi hukwama hapa: wanaandika jina la mama kama linavyotamkwa nyumbani, mfumo unajibu kwamba taarifa hazipo, nao wanaamini wamefutwa. Jaribu kwanza tahajia nyingine. Ukishaipata, itazame kabla ya kuinakili kwenye fomu. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa mpangilio huo, kwa hiyo kosa la kuandika katika sehemu hiyo linaonekana papo hapo. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa utambulisho wako, maana bahasha iliyopotea inaweza kuwa mikononi mwa mtu yeyote. Kadi yenyewe uiombe ukipata nafasi: nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na taarifa ya polisi, ujaze fomu na ulipe ada, ambayo kwa kadi iliyopotea ni shilingi 20,000. Namba yako itabaki ileile. Na kama kuna taarifa unayotaka irekebishwe, usiichanganye na ombi hili, kwa sababu marekebisho yana utaratibu na viambatisho vyake na yatakuchelewesha.

Sasa tuje kwenye cheti. Soma tangazo lolote la kuitwa kwenye usaili linalotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaona tofauti ninayoizungumzia ikiwa imeandikwa wazi. Kwenye kipengele cha utambulisho, msailiwa ameachiwa uwanja mpana: anaweza kuja na kitambulisho cha taifa, cha mkazi, cha mpiga kura, cha kazi, hati ya kusafiria au leseni ya udereva, na akikosa vyote anakubaliwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Kwenye kipengele cha vyeti, uwanja unafungwa. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na vya sekondari, na wanasema bayana kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa, wala matokeo ya muda. Hayo ni masharti ya ajira, na tarajali si ajira. Lakini taasisi nyingi zinazochukua watarajali hunakili masharti hayohayo, kwa sababu ofisa utumishi anayeandaa tangazo la tarajali ndiye aliyezoea kuandaa matangazo ya kazi. Kwa hiyo kwa kadi kuna vibadala vingi, na kimojawapo kinapatikana kwa mwenyekiti wa mtaa ndani ya asubuhi moja. Kwa cheti kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kibadala pekee kisichobishiwa ni kile kitakachotolewa na Baraza lenyewe.

Na Baraza halitoi cheti kwa haraka unayoitaka wewe. Mwombaji anatakiwa awe ametoa taarifa polisi, awe ametangaza upotevu gazetini, ajaze maombi kwa kufuata utaratibu ulio kwenye tovuti ya NECTA, alipe ada, kisha asubiri taarifa zake zilinganishwe na kumbukumbu. Wapo wanaolalamika kwamba tangazo la gazeti ni desturi iliyopitwa na wakati, na siku hizi hakuna anayesoma kurasa zile. Naona wanaukosa mwelekeo wa tangazo lenyewe. Halikuwekwa ili mwokotaji alione. Limewekwa ili kuwe na tamko la hadharani, lenye tarehe, ambalo mtu hawezi kulikana baadaye, kwamba karatasi yenye namba fulani haiko tena mikononi mwa mwenyewe. Ukifikiria yaliyotokea Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma ripoti iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, utaelewa kwa nini Baraza linatembea kwa uangalifu. Uhakiki ule ulitegemea kumbukumbu za NECTA. Kumbukumbu hizo ndizo zinazomlinda leo aliyepotewa na cheti cha haki, kwa kuwa alama zake zimeandikwa kule hata kama karatasi imeungua.

Tangazo lenyewe halihitaji maneno mengi, lakini linahitaji maneno sahihi. Mfano wake ni huu: "Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti) natangaza kupotewa na cheti changu cha kidato cha nne, chenye namba ya mtihani S0000/0000/2016, kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kimepotea tarehe fulani, eneo fulani, wilaya fulani. Taarifa imetolewa polisi, namba ya taarifa ni hii." Waombaji wengi huandika tu kwamba wamepotewa na "vyeti vyangu vya shule". Tangazo la namna hiyo halimsaidii mtu, kwa sababu haliunganishi gazeti na karatasi moja mahususi. Ukiona risiti ya gazeti na taarifa ya polisi vinataja majina kwa mpangilio tofauti, au moja inataja mwaka wa mtihani na nyingine mwaka wa kupokea cheti, rekebisha kabla hujatuma popote. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayorudisha maombi nyuma.

Ninaposema cheti kianze, ndipo napingwa kwa nguvu zaidi. Kama cheti mbadala hakiwezi kutoka kabla ya dirisha kufungwa, kuna faida gani kukianza sasa? Si bora kufuatilia kitu kinachowezekana? Pingamizi hili lina nguvu ikiwa tarehe ya mwisho ni moja. Kwa kawaida ziko mbili. Ya kwanza ni ya kupokea maombi, na siku hiyo taasisi inapokea mafaili, haitazami karatasi halisi. Ya pili ni siku ya usaili au ya kuripoti, na hapo ndipo cheti halisi kinawekwa mezani. Kati ya hizo mbili mara nyingi hupita wiki kadhaa, kwa kuwa kuna kuchambua maombi, kuandaa orodha na kutangaza majina. Muda huo ndio wa cheti mbadala. Anayeuanza mchakato mapema anauweka muda wote wa uchambuzi upande wake, na anayeuanza baada ya kuitwa kwenye usaili ameupoteza wote.

Tuchukue mhitimu wa stashahada ya uhasibu aliyeshuka daladala Jumatatu jioni na kuacha bahasha kwenye kiti, na dirisha la tarajali linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Jumatatu hiyohiyo anapata namba yake ya NIDA kwa simu, kisha anajaza taarifa ya upotevu kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi mtandaoni, analipia ada kwa namba ya malipo ya serikali na kupakua hati. Hati hiyo ndiyo watu wanayoiita losi ripoti. Anaorodhesha kila kilichopotea kwa jina na namba yake, kitambulisho, cheti cha kidato cha nne, transkripti, kwa kuwa kitu ambacho hakijatajwa humo kitahitaji taarifa nyingine. Jumanne asubuhi anapeleka tangazo gazetini na kuandika kwa chuo chake akiomba transkripti nyingine. Mchana anaanza maombi ya NECTA na kulipia. Jumatano anaapa kiapo kwa wakili. Alhamisi anaunganisha faili na kutuma, huku Ijumaa ikibaki ya tahadhari endapo mfumo utaelemewa, jambo ambalo hutokea sana saa za mwisho. Katika ratiba hii ofisi ya NIDA haimo kabisa, na sikuisahau. Itakuwa wiki inayofuata.

Faili analolituma linastahili kutazamwa kwa karibu. Fomu nyingi zina nafasi moja tu ya kupakia cheti cha sekondari, kwa hiyo aunganishe kurasa zake ziwe PDF moja. Ukurasa wa kwanza uwe picha au nakala ya cheti chenyewe aliyokuwa nayo kwenye simu au barua pepe, hata kama ni ya zamani, ilimradi inasomeka. Nyuma yake ifuate taarifa ya polisi, halafu kiapo, halafu risiti ya malipo ya NECTA yenye tarehe. Nimewaona wengi wakitanguliza taarifa ya polisi kwa kuwa ndiyo karatasi mpya yenye nembo. Mchambuzi anayepitia mamia ya maombi hufungua ukurasa wa kwanza akitafuta alama za somo. Akikuta karatasi ya polisi, anaweka alama kwamba cheti hakikuambatishwa na kuendelea. Akikuta alama kwanza, anakuwa na sababu ya kugeuza ukurasa kuona kwa nini nakala haina muhuri wa kuthibitishwa.

Muhuri huo wenyewe unaleta utata. Matangazo hutaka nakala zilizothibitishwa na wakili, na mwombaji huona njia ya mkato: achukue picha ya zamani, aichapishe, ampelekee wakili agonge kwamba ni nakala sahihi ya cheti halisi. Wakili anayeijua kazi yake atakataa, na anapaswa kukataa, kwa sababu maneno ya muhuri yanasema ameona cheti halisi na hakukiona. Anachoweza kukifanya kwa haki ni kukuapisha. Kwenye kiapo unasema wewe mwenyewe kwamba ulikuwa na cheti chenye namba fulani, kimepotea tarehe fulani, umetoa taarifa, na nakala iliyoambatishwa ni ya cheti hicho. Wakili anathibitisha kwamba umeapa mbele yake, basi. Vitu hivi viwili vinafanana kwa macho, vyote vina muhuri na sahihi, lakini kimoja ni ushahidi wake na kingine ni ushahidi wako. Wapo watakaoniambia kwamba kuna ofisi zinazogonga muhuri bila kuuliza. Zipo. Ila anayekubali muhuri huo amejifunga mwenyewe: maombi yake yanadai cheti halisi kilikuwepo mezani Jumatano, na taarifa yake ya polisi inasema kilipotea Jumatatu. Karatasi hizo mbili zikikutana kwenye faili moja, hakuna maelezo yatakayoziokoa.

Wengine wanashikilia kwamba taarifa ya polisi peke yake inatosha, na mwajiri anayeikataa anawaonea vijana. Siafiki. Taarifa hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba mtu alikwenda au aliingia kwenye mfumo akasema amepotewa na kitu. Polisi hawakuuona ufaulu wako wala hawakuthibitisha kwamba uliwahi kuwa na cheti. Mwajiri akiikubali peke yake, mlango unafunguka kwa yeyote ambaye hakuwahi kufaulu. Kinachoipa uzito ni vile vinavyokaa pamoja nayo, na kizito kuliko vyote ni kile kinachotoka NECTA. Baraza hutoa pia uthibitisho wa matokeo unaopelekwa moja kwa moja kwa taasisi inayouhitaji, bila kupita mikononi mwa mwombaji. Kwa tarajali ninaona njia hiyo inatumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Mwandikie ofisa utumishi, umuulize kama taasisi itaridhika na uthibitisho utakaoifikia kutoka Baraza wakati cheti mbadala kikisubiriwa. Uliza kabla ya dirisha kufungwa, na uulize kwa maandishi, ili jibu lake uweze kuliambatisha. Akikataa, umejua mapema. Lakini ofisa aliyeulizwa swali mahususi, akaonyeshwa namba ya taarifa na risiti, ana wepesi wa kukubali ambao tangazo lililoandikwa kwa ajili ya watu wote haliwezi kuwa nao.

Kuna pia sauti za vishoka wanaoahidi kadi au cheti kwa siku mbili kwa malipo ya pembeni, na mtu aliyebanwa na muda anaweza kusema kwamba bora hasara ya fedha kuliko hasara ya nafasi. Kipimo chake ni chepesi. Malipo halali ya taasisi hizi hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, na unapolipa simu au benki inakuonyesha jina la taasisi inayopokea. Ukiombwa kutuma kwa namba ya simu ya mtu, kitakachokuja si huduma ya taasisi hiyo. Cheti kilichotengenezwa mtaani kitapita kwenye maombi ya mtandaoni, ndiyo, kisha kitakutana na namba ya mtihani kwenye kumbukumbu zilezile zilizotumika mwaka 2017, na hapo aliyekuwa na ufaulu wa haki anageuka mshukiwa wa kughushi ufaulu wake mwenyewe.

Yupo ambaye hana hata picha moja ya cheti. Hali yake ni ngumu zaidi, lakini bado ana pa kuanzia. Matokeo ya miaka ya karibuni yapo kwenye tovuti ya NECTA kwa kituo na namba ya mtahiniwa. Orodha hizo hutaja namba na masomo, haziwi na majina, kwa hiyo asiyekumbuka namba yake hatajitambua humo. Shule ndiyo inayoziba pengo hilo. Vyeti hupokelewa shuleni na kila anayechukua chake hutia sahihi kwenye daftari, na mkuu wa shule anaweza kuandika barua inayotaja jina, namba ya mtihani na tarehe ya kukabidhiwa cheti. Barua hiyo pamoja na ukurasa wa matokeo uliochapishwa vinakaa mahali pa nakala, mwanzo kabisa wa faili, na kiapo kieleze wazi kwamba nakala haipo. Kama shule iko mkoani na mhitimu yuko Dar es Salaam, ampigie mwalimu wa taaluma Jumanne asubuhi kabla ya jambo lingine lolote. Kati ya karatasi zote za wiki hiyo, hii ndiyo inayotegemea zaidi mtu mwingine awepo ofisini.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo linaloniuma, kwa kuwa anayelitoa hasemi kwa ubishi. Mhitimu asiye na kipato hawezi kulipa vyote ndani ya wiki moja: polisi, gazeti, wakili, NECTA, chuo, NIDA. Naamini gharama ya tangazo la gazeti ingeweza kuondolewa kama Baraza lingekuwa na ukurasa wake wa vyeti vilivyoripotiwa kupotea, wenye tarehe na namba, ambao mwajiri yeyote angeweza kuutafuta. Mpaka hilo lifanyike, mwenye fedha ya kutosha malipo machache alipie taarifa ya polisi, tangazo, kiapo na ada ya NECTA, aiache NIDA mpaka mwezi ujao. Kwa wiki hizo atembee na barua ya serikali ya mtaa yenye picha yake iliyogongwa muhuri, na namba yake ya tarakimu 20 aiandike nyuma ya barua hiyo kwa mkono.